Nywele Zimeenda Likizo Bila Kuniaga

Siku hizi nyumbani kwetu ukikuta unywele kwenye ugali huulizi ni wa nani. Ni wangu. Ukiukuta kwenye sabuni, ni wangu. Ukiukuta kwenye kola ya shati la mume wangu, ni wangu pia, na huo ndio pekee ninaoufurahia. Juzi maji ya bafuni yaligoma kushuka, tukamwita fundi bomba. Akachokonoa na waya, akavuta kitu cheusi kirefu kinachochuruzika, akakiinua juu tukione wote. "Dada," akasema, "humu ndani mnafuga mbuzi?" Nikamlipa hela yake, nikamlipa na jicho.

Mtoto ana miezi mitano. Na kinachoniudhi ni kwamba miezi tisa ya mimba hizi nywele zilikuwa zinaringa. Zilijaa, zikang'aa, chanuo likipita linatoka tupu. Wanawake msibani wananisogelea kuuliza napaka nini, nami nilikuwa najibu kwa maringo kana kwamba nina siri. Nilipojifungua nikasubiri balaa lije. Halikuja. Arobaini ikapita, kichwa kimejaa. Nikajua nimevuka. Ndipo mwezi wa tatu ulipokuwa unaishia, nikipitisha chanuo linarudi limevaa sweta.

Hapo ndipo wapelelezi walipoanza kuwasili. Shangazi yangu wa Tanga alitazama tu paji la uso wangu akatoa hukumu: "Ni mtoto huyo, mwanangu. Mtoto akishaanza kumcheka mamake, nywele za mama lazima ziondoke." Mume wangu akasema ni kunyonyesha, kwamba mtoto ananyonya mpaka nywele. Msusi wangu, ambaye hapendi kesi imfikie yeye, akasema ni maji ya kisima yenye chumvi. Kila mmoja ana mshitakiwa wake, na washitakiwa wote wana kosa moja: walionekana karibu na tukio.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alishika fungu dogo la nywele kati ya vidole vyake, nywele hamsini au sitini hivi, akalivuta taratibu kutoka shinani mpaka nchani. Nywele kama sita zikitoka kwa mkupuo mmoja, kichwa kinapukutisha kupita kawaida. Zangu zilitoka bila kujadiliana. Akarudia upande mwingine, zikatoka tena. Kisha akaniambia nisimsumbue mtoto, wala maziwa, wala kisima, na akanieleza habari ambayo nilistahili kuelezwa nikiwa bado kliniki ya wajawazito, wakati nangoja foleni na sina kazi nyingine.

Kila unywele, kumbe, una ratiba yake. Unakua miaka kadhaa, miwili hadi sita, kisha unasimama na kwenda likizo. Likizo hiyo ni ya miezi mitatu hivi, na unywele unaila ukiwa palepale kichwani, huwezi kuutambua kwa macho. Ikiisha, unywele mpya unaoota chini yake unausukuma, unaanguka. Kichwa cha kawaida kina nywele kama laki moja, na katika kila kumi, moja hivi iko likizo. Hizo ni nywele elfu kumi zinazosubiri kuondoka ndani ya siku kama mia, yaani kila siku zinaanguka mia hivi. Mwanamke asiyezaa, mwanamume, bibi yangu, wote wanapukutisha mpaka mia kwa siku na hakuna anayemwita fundi bomba.

Sasa mimba inavuruga ratiba. Homoni, hasa estrojeni, zinapanda mno, na nywele ambazo zilitakiwa kusimama zinaendelea kukua. Likizo zote zinaahirishwa. Ndiyo zile nywele za kuringia msibani: hazikuongezeka hata moja, ni kwamba zilizotakiwa kuondoka zilizuiwa. Mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likatoka, homoni zinaporomoka ndani ya siku chache tu, na nywele zote zilizocheleweshwa zinachukua likizo kwa pamoja. Tuseme badala ya moja katika kumi, ziende tatu katika kumi. Hizo ni elfu thelathini, na zikigawanywa kwa siku mia ni mia tatu kila siku. Bafu lolote lingeziba.

Ila haziondoki siku ya kujifungua. Zinakula kwanza miezi yao mitatu, zimetulia, na wewe umepona, umetoka arobaini, umejisahau. Ndiyo maana kupukutika kunaanza kati ya mwezi wa pili na wa nne, na kilele chake mara nyingi ni karibu na mwezi huo wa nne. Mwaka 1961 daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, ndiye aliyeeleza tabia hii ya nywele kulala kwa mkupuo na kuanguka miezi baadaye. Haitokei kwa uzazi peke yake. Homa kali inaleta hayohayo, upasuaji mkubwa nao, na kujinyima chakula ili upungue haraka nako pia. Siku zote ni yaleyale: unaloliona leo lilitendeka miezi mitatu nyuma.

Kwa hiyo shangazi yangu ni mtazamaji mzuri na mpelelezi mbaya. Ni kweli kabisa kwamba nywele zinaondoka mtoto anapoanza kucheka kwa sauti, kwa sababu watoto wengi wanaanza kucheka hivyo karibu na mwezi wa nne. Wawili hao wamekutana njiani tu. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi umemwona anavyocheka?" Na kweli alikuwa anacheka, tena naye kisogoni ana kipara, maana nywele alizozaliwa nazo nyingi huanguka miezi hiyohiyo. Tunatazamana kama wazee wawili wa baraza.

Kuhusu kunyonyesha, wasiomnyonyesha mtoto nao nywele zinawatoka, kwa hiyo mume wangu ashughulike na mengine. Na kuna jambo analoweza kushughulikia: kukagua vidole vya mtoto. Nywele hizi zikiingia kwenye soksi zinaweza kujiviringa kwenye kidole cha mguu kikakazwa, kikavimba na kuwa chekundu, mtoto akalia na nyinyi mnampa dawa ya tumbo. Kwa hiyo soksi tunazigeuza ndani nje kabla hajavaa. Unywele ukishakaza na hauondoki mara moja, ni hospitali palepale, si kesho.

Msusi nilimwendea na hasira nyingine. Nilikuwa nimesuka rasta ili nisione kinachoendelea, nikakaa nazo wiki sita. Alipofumua alirundika mapajani mwangu donge la nywele zangu, akanyamaza, wote saluni wakanyamaza. Mimi nikapiga hesabu ili nisilie. Nywele zinazoanguka ukiwa umesuka haziendi popote, zinabaki zimekumbatiwa na mkia wa rasta. Hata kichwa kisicho na tatizo, mia kwa siku kwa wiki sita ni nywele zaidi ya elfu nne zinazokungoja siku ya kufumua. Wangu ulikuwa mwezi wa nne. Fanya mwenyewe.

Nikaokota chache, nikaziangalia dirishani. Unywele uliomaliza likizo yake una kitone cheupe upande wa shinani, kama kichwa cha pini. Watu wanakiona wanapiga kelele kwamba mzizi umetoka. Mzizi haujatoka, kiwanda kimebaki ngozini na tayari kinafanya kazi. Unywele usio na kitone chochote ni kipande kilichokatika, na hiyo ni kesi nyingine, ya dawa za kulainisha, moto, na kuchana kwa ugomvi. Halafu kuna ile ya kandokando ya paji, ambapo msusi anavuta mpaka nyusi zinapanda. Huko ukivutwa miaka na miaka nywele zinaweza zisirudi kabisa. Nilimwambia msusi hilo kwa upole. Akasema, "Dada, ukitaka zisivutwe njoo nikunyoe."

Halafu kuna muuza mafuta. Mtaani kwetu yupo mama mmoja anayeuza chupa ya mafuta ya mnyonyo yaliyotiwa karafuu na vitunguu, harufu yake inakutangulia kwenye daladala. Anasema ukianza mwezi wa nne, mwezi wa saba nywele zimerudi. Hadanganyi! Kupukutika kwenyewe hupungua karibu na mwezi wa sita hivi, na wengi kichwa kinakuwa kimejaa tena mtoto anapotimiza mwaka, wachache wanachelewa miezi kadhaa zaidi. Ukipaka maji ya kuoshea mchele kwa muda huohuo, mchele utasifiwa. Biashara yake imejengwa juu ya kalenda, na kalenda haidai mgawo. Vidonge vya biotini navyo vinasukumwa. Bila upungufu havina la kukufanyia, na vinaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, hasa vya tezi ya shingo, kwa hiyo ukivimeza mwambie anayekupima.

Daktari alinipima damu kwa sababu nilipoteza nyingi wakati wa kujifungua, akaangalia na akiba ya madini ya chuma. Upungufu wa chuma unapukutisha kwa namna hiihii na unaweza kurefusha hali. Akaniuliza pia kama moyo unanienda mbio, kama nasikia baridi watu wengine wakipepea, kama uchovu umepita ule wa kawaida wa mwenye mtoto mchanga. Hilo la mwisho nilimwomba anipe kipimio. Tezi ya shingo huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi, na dalili zake zinajificha nyuma ya usingizi uliokosekana. Akasema pia kwamba nywele zikitoka kwa mabaka, ngozi ikiuma au ikiwa na makovu, au mwaka ukipita bila nafuu, nirudi, maana hapo si likizo tena.

Sasa zinaota. Zimesimama mbele ya paji, fupi fupi, kila moja na mwelekeo wake. Unywele unakua sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo, na wetu huu wa kujisokota ukiuachia unajikunja, sentimita nne zinaonekana moja na nusu. Kwa hiyo kichwa kujaa ni jambo moja, na urefu wa zamani ni jambo la miaka. Ni fupi mno hazisukiki, ni ndefu mno hazijifichi. Msusi amezipaka jeli, zimelala, amegeuka kuchukua taulo zimesimama. Ameniangalia kwenye kioo, ameongeza bei ya kusuka, na anasema mwenye kosa ni maji ya kisima.