Kiolezo cha Bure

Aliyeniponza ni mpwa wangu. "Mjomba, siku hizi CV unaitengeneza kwenye simu. Unachukua kiolezo cha bure, dakika kumi umemaliza." Dakika kumi hizo nilizianza Ijumaa baada ya Isha, nikazimaliza Jumapili, kidole gumba kinawaka moto.

Nilichagua kiolezo cha safu mbili. Kushoto ukanda wa bluu wenye namba ya simu na lugha ninazozijua, kulia kazi nilizofanya. Ndani ya simu ilikaa kama kanzu ya Idi. Nikaihifadhi kama DOCX, nikaenda steshenari kuchapisha.

Kijana wa steshenari alipoifungua, nilidhani kafungua ya mtu mwingine. Kompyuta yake haikuwa na fonti ya kiolezo changu, ikaazima nyingine, nene zaidi. Maneno yakatanuka, mistari ikasukumana, na mdhamini wangu wa tatu akaangukia ukurasa wa pili, peke yake, kama abiria aliyeshushwa Chalinze usiku. Kile kijipicha cha simu nacho kimegeuka kisanduku kitupu.

"Mzee, ungeleta PDF. DOCX inategemea fonti za mashine inayoifungua. PDF inasafiri na za kwake."

Nikaitoa PDF palepale. Akanizuia nisiichungulie ndani ya programu niliyotengenezea, maana humo naona kazi yangu, sioni faili lililotoka. Nikaifungua kutoka kwenye mafaili ya simu. Mdhamini karudi kwake, alhamdulillahi. Lakini chini ya ukurasa limechomoza tangazo la wenye kiolezo, la kijivu, ambalo siku tatu zote sikuliona. Bure hiyo!

"Na hizi safu mbili," kijana akaendelea, "zina matata. Kuna waajiri ambao CV inapita kwanza kwenye mashine inayochota maneno tu, urembo haiuoni. Chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye ujumbe, uone mashine itasoma nini. Yakivurugika, tafuta kiolezo cha safu moja."

Nikabandika WhatsApp. Nilikusudia kujitumia mwenyewe.

Lugha Uzoefu wa kazi
Kiswahili Karani wa stoo 2009 hadi 2014
Kiingereza Msimamizi wa ghala 2015 hadi 2023

Safu zote mbili zimefumwa mkeka mmoja, na jina langu, lililokaa juu kabisa kwa herufi kubwa, limetupwa mwisho, baada ya wadhamini. Nikawa namwonyesha kijana, simu ikalia. Shangazi, kwenye kundi la ukoo: "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Wasifu tumeupata. Maziko saa ngapi?"

Kabla sijajibu, binamu akauliza rambirambi zitumwe namba gani. Namba ilikuwapo, kati ya ghala na wadhamini.