Mniachishe Kazi Asubuhi, Mniajiri Alasiri

Kwa Idara ya Rasilimali Watu,

YAH: BARUA YA UTHIBITISHO WA AJIRA (TENA)

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua mliyonipa kwa ajili ya benki niliipokea, na nawashukuru kwa ufupi wake. Inasema "mtajwa ni mtumishi wetu", ina mhuri wa kupendeza, na imeandikwa kwa Yeyote Anayehusika. Afisa mikopo aliigeuza nyuma kutafuta iliyobaki, hakuiona, akanirudishia.

Naomba basi nyingine, na safari hii naeleza yote. Madhumuni ni mkopo wa kuezeka nyumba. Mwisho ni Ijumaa hii saa tisa alasiri, kwa sababu profoma ya bati inakwisha Jumamosi na mwenye duka hajaahidi bei ileile. Barua iende kwa Meneja wa Tawi. Majina yangu matatu yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana benki hulinganisha herufi kwa herufi, na ile "h" mliyonizawadia haimo. Itaje cheo, tarehe niliyoanza kazi, na kama mkataba ni wa kudumu au wa muda maalumu. Ukiwa wa muda, unakwisha lini, kwani hakuna atakayenikopesha kwa miaka mitatu juu ya mkataba uliobakiza mmoja. Iseme mshahara wa msingi, jumla kabla ya makato, na kinachonifikia mkononi. Iahidi kwamba mshahara utaendelea kupitia akaunti yangu ya benki hiyo, na kwamba nikiondoka mtaijulisha benki. Chini ya saini pawe na jina, cheo na namba ya simu.

Namba hiyo iwe ya mtu anayepokea. Benki hupiga kuhakiki. Mara ya mwisho walipopiga, mapokezi walijibu kwamba huyo hawamfahamu, labda ni wa tawi jingine. Hatuna tawi jingine.

Kuhusu mshahara, mliniambia ni siri, mkaitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria hiyo hainifichi mimi kwangu mwenyewe. Kama mnachohitaji ni ridhaa, hii hapa, kwa maandishi: nimeridhia benki ijue kidogo mnachonilipa.

Wala sitaki mfanye utafiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwemo tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na malipo, na ayatunze. Mnayo. Yamo kwenye faili langu. Nikichelewa dakika kumi mnanijua hadi namba ya kitambulisho. Nikiomba karatasi moja mnaniuliza naitaka ya nini, nahama, nani kanituma. Mwenye mhuri yuko semina, mwenye saini yuko likizo, na mimi nasimama mlangoni kuomba nithibitishwe kwamba nipo! Ni dharau, na mnajua ni dharau.

Samahani. Turudi kwenye adabu.

Nimeisoma sheria hiyohiyo ya ajira nikagundua kwamba mfanyakazi anayeachishwa kazi lazima apewe cheti cha utumishi. Lazima! Kumbe karatasi hupatikana mlango wa kutokea. Naomba basi mniachishe kazi Jumatano saa mbili asubuhi. Notisi ya siku 28 nimeisamehe. Kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka niliotimiza, kikae kwenye droo yenu. Nitakipitia kwa macho tu. Saa nne mnanipa cheti, tunaagana, wenzangu wanachanga soda, anayenidai chai analia kwa dhati. Saa nane mnaniajiri upya, mnanikabidhi mkataba mpya wenye maelezo yote ninayoyatafuta, ukiwa bado na joto la printa.

Nimeona tatizo moja. Mwajiriwa mpya huwekwa kwenye kipindi cha majaribio, na benki haipendi kumkopesha aliye kwenye majaribio. Napendekeza majaribio yangu yaanze saa nane na robo na kwisha saa tisa kasorobo. Katika muda huo nitajaza fomu ya kuomba kalamu, nitahudhuria kikao kimoja kisicho na ajenda, na nitajibu barua pepe kwa "imepokelewa, tunalifanyia kazi". Mkiniona nimeiva, nithibitisheni kazini kwa maandishi. Hapo mtakuwa mmeandika barua ya uthibitisho bila kuombwa.

Mengine ni madogo. Mhuri uachiwe mtu wa pili. Kiti kimoja kiwekwe pale koridoni.

Naomba kuwasilisha.

Wenu, mtajwa.

Nakala: Mwenye duka la bati, aniongezee siku.