Kidole Gumba Juu ya Swali

Mpwa wangu anasoma takwimu chuoni. Akikwama hupiga picha swali na kulitupa kwenye kundi la familia la Wasapu. Picha ya juzi ilikuja imelala ubavu, na kidole gumba kimekaa palepale penye maneno. Kilichosomeka ni kwamba mikate ya kiwanda ina uzito wa wastani wa gramu 400, halafu kidole, halafu 5 iliyopakana na doa la chai. Angalau asilimia ngapi ya mikate iko kati ya gramu 390 na 410? Chini yake: "Shikamoo mjomba, inakusanywa saa mbili."

Shemeji, mhasibu asiyesubiri swali liishe, akajibu: 95. Gramu 10 ni mikengeuko miwili, na miwili ni asilimia 95, nani asiyejua? Sawa, lakini hiyo ni pale mgawanyo unapokuwa na umbo la kengele. Mimi nilisita kwenye "angalau". Nikamwomba binti atoe kidole. Picha ya pili ikaonyesha "umbo la mgawanyo halijulikani", ila kidole sasa kimehamia kwenye neno linaloitangulia ile 5!

Umbo lisipojulikana, kinachobaki ni kanuni ya Chebyshev, Mrusi aliyeichapisha mwaka 1867. (Mfaransa Bienaymé alishaitoa mwaka 1853, jina likaenda kwa mwingine.) Inasema sehemu iliyo umbali wa mikengeuko sanifu k au zaidi kutoka kwenye wastani haizidi 1/k², umbo liwe lolote. Hapa k ni 2. Nje haizidi robo, basi ndani ni angalau asilimia 75.

Lakini je, neno lililofichwa likiwa varianzi, yaani mraba wa mkengeuko? Basi k² ni 100 gawanya kwa 5, ambayo ni 20. Nje haizidi 1/20, na ndani ni angalau asilimia 95. Shemeji angeshinda kwa bahati tupu, na tusingelala. Nikaikuza picha. Kando ya doa la chai kulikuwa na "g" isiyo na kijimbili juu yake. Varianzi ingekuwa kwa gramu za mraba. Ni mkengeuko.

"Sabini na tano ni kidogo mno," shemeji akang'aka. Nikamwandikia mikate minane: mmoja wa gramu 390, mmoja wa 410, sita ya 400. Wastani ni 400. Miraba ya tofauti ni 100 na 100, jumla 200. Gawanya kwa 8 upate 25, kipeuo chake cha pili 5. Mikate iliyo katikati hasa ni sita kati ya minane, asilimia 75 kamili. Ukiahidi zaidi, mikate hii itakuumbua.

"Kiwanda gani hicho?" akauliza.

Mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika: "Sikijui, ila ule wa 390 ndio wanaotuletea huku kwetu."