Barua ya Mama Mwenye Nyumba

Leo asubuhi mteja wangu amenijibu kwa mara ya kwanza tangu Aprili: "Tumepokea notisi yako, lakini sisi hatujapanga chumba kwako."

Simu yangu ina faili mbili zenye jina NOTISI. Moja ni barua yangu ya kudai ankara ya Sh 64,000, ujira wa kutafsiri mwongozo wa mashine za kukamulia ng'ombe. Nyingine ni barua ya mama mwenye nyumba. Nilituma ya mama.

Nimezisoma zote mbili sambamba, na aibu imegeuka kuwa darasa. Yangu inaanza, "Natumai hamjambo, samahani kwa usumbufu," inaomba radhi mara tatu, na kumalizia, "mkipata nafasi." Ya mama ina mistari minne: unadaiwa 24,000 za Mei, zilipwe kufikia tarehe 14 Juni, kwa namba hii, la sivyo tarehe 15, saa tatu asubuhi, tutakutana kwa chifu.

Basi nimemuiga. Kichwa cha barua pepe: "DAI LA MWISHO: Ankara 017, Sh 64,000". Kisha: ankara ilitolewa 3 Machi, ikapaswa kulipwa ndani ya siku 30, yaani kufikia 2 Aprili; leo imechelewa siku 69. Kazi mliipokea, na barua yenu ya kuikubali nimeiambatisha. Lipeni kufikia 17 Juni kwa akaunti iliyo kwenye ankara. Msipolipa, tarehe 18 nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo.

Hatua hiyo ndiyo iliyonivutia hadi nikasahau chai. Nchini Kenya, mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Tena, maneno aliyoniandikia mhasibu wao Aprili, "tunajua mnatudai, pesa ziko njiani," ambayo yalinikera kila nilipoyasoma, ni hazina: amekiri deni kwa maandishi! Nimeyahifadhi kama cheti cha ndoa. Lakini usitaje hatua usiyokusudia kuichukua. Mama hakutishia polisi wala magazeti, alimtaja chifu, na kwa chifu hufika.

Kutuma faili isiyo sahihi si kosa langu la kwanza: niliwahi kumdai mteja asiyehusika. Na mara moja nilisahau kuweka namba ya akaunti.

Kinachonichoma ni kwamba mama haambiwi "iko kwenye mfumo". Hakuna anayemwambia mhasibu yuko likizo. Mimi naambiwa, huku mhasibu huyo akipokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi, likizo au si likizo.

Nimeituma saa nane mchana, baada ya kufungua kiambatisho mara tatu. Siku yao ya mwisho ni 17 Juni. Yangu ni 14.