Jinsi ya Kuongopa Kidogo na Kusomwa Hadi Mwisho

Una kisa. Jana kiliwachekesha watu watatu kijiweni, leo unataka kukiandika kichekeshe mia tatu. Usiogope kukichonga. Bibi zetu walishatuombea ruhusa: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo uliitwa waziwazi, tena kabla ya utamu.

Tuchukue changu. Nilipanda daladala Mbagala kwenda Kariakoo, nikampa konda noti ya elfu tano. Njia nzima nikamdai chenji, na abiria wakanisaidia kumsema. Kumbe alishanipa, niliitia kwenye mfuko wa shati bila kujitambua, maana nilikuwa naongea na simu. Basi, ndicho kisa chote, na kikiandikwa hivyo hakuna atakayekikumbuka hadi kituo kinachofuata.

Kwanza, futa utangulizi. Najua umeshauandika: uliamka saa ngapi, foleni ya Barabara ya Kilwa ilikuwaje kabla ya mwendokasi, na kwa nini gari lako liko gereji (unataka tujue kuwa una gari). Futa mpaka ufike pale mambo yanapoanza kuchemka. Changu kinaanzia hapa: "Nilikuwa namkaripia mdogo wangu kwenye simu kwa kupoteza hela ya ada, konda akachezesha sarafu sikioni mwangu." Mtu tunaye, mahali tunapajua, na jeuri imeshapanda juu, inangoja kushushwa.

Pili, ficha kwa kuonyesha. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Ukidokeza fumbo mapema, umejimaliza. Ukilificha kabisa, msomaji ataona umemtapeli, na utakuwa umemtapeli kweli. Dawa ni kukipitisha kitu mbele ya macho yake wakati anatazama kwingine: "Konda akanyoosha mkono, nikampa noti. Akanyoosha tena, nikapokea tiketi na vikorokoro vyake bila kumtazama, maana ndipo nilipokuwa nafika kwenye neno 'umakini'." Chenji imo humo ndani ya vikorokoro, lakini msomaji anacheka umakini wangu. Jipime kwa kumpa mtu mmoja asome. Akisema "nilijua tu", punguza neno. Akisema "hii nayo imetoka wapi?", ongeza neno. Akirudi juu kimyakimya kutafuta, usiguse kitu tena.

Tatu, pindua kidogo tu. Usimgeuze konda kuwa ndugu yako mliyepotezana utotoni. Kisa cha chenji kipinduliwe na chenji. Na wa kuaibika awe wewe, si kwa unyenyekevu, tusidanganyane, bali kwa sababu anayejicheka hupendwa, na wewe unataka kupendwa. Mimi nilimpa mama mwenye ndoo ya samaki maneno yote: "Mrudishie baba wa watu hela yake!" Ukweli ni kwamba waliosema ni abiria watatu, lakini daladala lilikuwa limejaa na andiko langu pia, nikawabananisha wakawa mmoja. Tulipofika kwa Aziz Ally, konda akanielekezea kidole kifuani. "Bosi, na hiyo inayochungulia mfukoni ni ya nani?"

Nne, malizia na uondoke. Mkono utakuwasha kuandika "tangu siku hiyo nilijifunza". Ukate. Tafuta badala yake kitu ulichokiacha mwanzoni, ambacho msomaji amekisahau. Mimi niliacha simu.

"Nikaishusha simu niikate. Kumbe mdogo wangu bado yupo hewani. 'Kaka,' akasema, 'umeipata?'"

Nukta. Usieleze alikuwa amesikia nini.

Sasa nikwambie siri, ibaki kati yetu. Simu ile ilikatika zamani, kabla hata sijaanza kugombana na konda. Mdogo wangu aliniuliza hivyo siku mbili baadaye, nilipomsimulia mwenyewe mkasa wangu, na alivyoniuliza alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mdogo. Maneno ni yake. Nilichofanya ni kuyasogeza mbele siku mbili. Unaweza kusogeza siku na kuunganisha abiria. Usichoweza ni kumbunia tendo shahidi aliye hai na mwenye bando, kwa sababu atajitokeza hadharani kusema kweli, na ya kwake itakuwa fupi na tamu kuliko yako.

Wangu alisoma, akalalamika kwamba siku ile hakuwa hewani. Nikamtumia elfu mbili anyamaze. Amejibu kwamba imefika elfu moja.