Dublin Hupunguza, London Huongeza

Katika jedwali lolote la tofauti za saa duniani, Dublin na London husoma tarakimu zilezile mwaka mzima. Jumapili ya mwisho ya Machi miji yote miwili husogeza saa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma, tena kwa dakika ileile. Mtu mwenye shughuli zake atasema hapo hakuna habari. Lakini zisome sheria za nchi hizo mbili, utakuta zinabishana. Uingereza inadai saa yake ya kawaida ni GMT, na kwamba majira ya joto yakifika inaongeza saa moja. Ireland inadai saa yake ya kawaida imeshatangulia GMT kwa saa moja, na kwamba majira ya baridi yakifika inapunguza. Kwa hiyo mwezi Julai Mwingereza anaishi kwenye saa ya muda, ilhali Mwairishi, mwenye mishale iliyosimama palepale, anaishi kwenye saa yake halali. Januari wanapokezana, na hakuna hata mmoja anayehisi tofauti.

Ukichunguza chanzo, wazimu huu una sababu za kiofisi kabisa. Mwaka 1968 nchi zote mbili ziliamua kutangulia GMT kwa saa moja mwaka mzima, joto na baridi. Asubuhi za Desemba zikawa giza totoro, watu wakanung'unika, na mwaka 1971 jaribio likakoma. Uingereza ilirudi kwenye utaratibu wake wa zamani. Ireland haikuifuta sheria yake ya 1968. Iliipachika kiraka: saa ya kawaida ibaki ileile, ila kuwe na kipindi cha majira ya baridi ambapo nchi itatumia GMT. Kiraka hicho kipo hadi leo. Ni kazi ya mtu aliyeona afadhali kushona kuliko kununua nguo mpya, na kusema kweli kwa raia wa Dublin kimefanya kazi bila tatizo.

Tatizo ni la sisi tunaosoma majedwali. Mengi yametengenezwa na mtu aliyeamini kwamba kila nchi ina saa ya kawaida, na kwamba majira ya joto ni kuongeza moja. Akiwa mwaminifu, atafungua sheria ya Ireland, aandike kwenye safu ya kwanza kwamba kawaida ni UTC+1, kisha kwa mazoea aweke kwenye safu ya pili kwamba majira ya joto huongezwa moja. Sasa mchukue mtu wa Nairobi, ambako saa ni UTC+3 bila mbwembwe, aliyeambiwa kikao cha Dublin ni saa 9 alasiri ya huko. Julai, jedwali linamwonyesha Dublin ni UTC+2, basi atafungua kompyuta saa 10 alasiri. Kikao chenyewe ni saa 11 jioni. Januari linamwonyesha UTC+1, atafungua saa 11 jioni. Kikao ni saa 12. Amewahi kwa saa nzima, kiangazi na kipupwe. Hapo ndipo penye hila: jedwali lililokosea nusu mwaka lingegunduliwa haraka, lakini hili hukosea kwa uthabiti wa kusifiwa, na mwathirika wake anaishia kusifiwa kwa kuwahi.

Nasikia pingamizi: hayo ni majina tu. Saa iitwe ya kawaida au ya muda, kinachotakiwa ni tofauti na UTC, basi. Nakubali pingamizi hili kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo hoja yangu. Msomaji wa Kiswahili simu yake inamwonyesha 7:00 naye anasema saa moja, wala haulizi ipi kati ya hizo ndiyo ya kawaida. Lakini watengenezaji wa majedwali hawakubali kuyaacha majina. Hifadhidata ya saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani huhifadhi kwa kila mahali saa ya kawaida, kisha kiasi cha kuongeza. Kwa miaka ya kuanzia 1971 hadi leo, kwenye `Europe/Dublin` ungeweza kudanganya kidogo, ukaandika Ireland kama Uingereza, tarakimu zikatoka sawa. Mwaka 2018 wasimamizi wake waliamua kuitii sheria, wakaandika kwamba majira ya baridi Dublin huongeza `-1:00`. Baadhi ya programu zikakwama, maana aliyeziandika hakuwahi kufikiria kwamba nyongeza inaweza kuwa pungufu. Ikabidi data itolewe pia kwa umbo la pili lenye uongo wa zamani, kwa ajili ya programu zisizostahimili ukweli. Saa ya ukutani Dublin haikusogea hata sekunde moja wakati wa purukushani yote hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba Ireland ni kituko kimoja, na kanuni nzuri haivunjwi kwa kituko kimoja. Sawa, twende basi kwa Uingereza yenyewe, mwalimu wa kanuni hiyo. Mwaka 1940, vitani, ilisogeza saa mbele kwa majira ya joto, na vuli ilipofika haikuirudisha. Mei 1941 ikasogeza tena juu ya ile ya kwanza. Hadi 1945, London ilikuwa GMT+1 wakati theluji inaanguka na GMT+2 wakati wa joto. Januari 1943 jina rasmi la saa ya baridi hiyo lilikuwa saa ya majira ya joto, na Julai ikawa maradufu. Maradufu hiyo ilirudi mara moja tena kwa miezi michache ya 1947, kwa uhaba wa makaa. Jedwali lenye safu ya ndiyo na hapana halina pa kuiandika: jibu sahihi kwa Januari ni ndiyo, na kwa Julai ni ndiyo mara mbili.

Na kosa hapa si la kikao. Tarehe 6 Juni 1944 wanajeshi wa Marekani walitua kwenye ufuo wa Omaha saa 12 na nusu asubuhi kwa saa zao, yaani GMT+2. Hiyo ni saa 10 na nusu alfajiri kwa UTC, kama nusu saa baada ya jua kuchomoza. Anayetumia kanuni ya kuongeza moja atapata saa 11 na nusu. Atawatua askari jua limeshapanda kwa saa moja na nusu, na bahari imepanda vilevile, ilhali mpango mzima ulitegemea maji kupwa ili vizuizi vilivyochomekwa mchangani vionekane. Kwa kipimo cha kupwa na kujaa, saa moja ni umbali mrefu wa ufuo.

Wala si mambo ya vita na Ulaya pekee. Moroko, tangu 2018, kawaida yake ni UTC+1 na hurudi UTC Ramadhani, kwa hiyo saa yake hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka tarehe husogea kama siku 11. Namibia nayo, kuanzia 1994 hadi 2017, ilikuwa UTC+2 na kurudi UTC+1 kuanzia Aprili hadi Septemba, baridi ya kusini, na watu walizoea kuiona hiyo ya baridi kuwa ndiyo iliyosogezwa. Kwa hiyo Julai 2010 Windhoek na Dublin zilisoma saa ileile, UTC+1 zote mbili: moja kwa sababu imerudi nyuma, nyingine kwa sababu haijaenda popote. Jedwali linalotaka kujua ipi kati yao iko kwenye majira ya joto lingejibiwa Dublin, na likaongeza moja.