Jua Linalozama Saa Sita Usiku

Simu yangu haina tena nafasi ya picha za wajukuu. Imejaa skrinshoti za inveta. Zinatoka hapa Kayanga, zinatoka Omurushaka, zinatoka hadi Murongo kule mtoni mpakani, na zote zinakuja na swali lilelile: "Mwalimu, ninunue betri ya ukubwa gani?" Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Eti kwa kuwa niliwahi kufundisha fizikia, basi nimehukumiwa kifungo cha maisha.

Na picha zenyewe sasa! Nusu ya namba zimefunikwa na ujumbe wa kikoba unaokumbusha marejesho. Mwingine kapiga saa tano asubuhi, siku hata haijaiva, halafu ananiandikia, "Ona uniti zilivyo chache, nimeibiwa paneli." Mwingine anatuma mchoro wa mwezi mzima, nguzo thelathini zimejipanga vizuri kabisa, nami nitakiwe kujua usiku wake anatumia nini. Mchoro wa mwezi hauna usiku. Anayetaka betri anitumie mchoro wa siku moja, siku yenyewe ikiwa imekwisha, unaoonesha mstari saa kwa saa. Na asitume wa siku moja tu. Nataka wa siku ya jua, wa siku ya mvua, na wa siku ile nguo za shule zinapigwa pasi.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya shemeji yangu wa Nkwenda, kule Kyerwa. Huyu ana paneli sita za wati 550, ambazo jumla ni kilowati 3.3, na inveta ya kilowati 5. Betri hana. Mchana anatumia jua, usiku anatumia umeme wa laini, laini ikikatika anatumia maneno makali. Muuzaji mmoja kampigia hesabu ya uniti 15. Hesabu ilikwenda hivi: apu inasema kwa siku unatumia uniti 10.3, ongeza nusu yake kwa usalama, jumla 15, lete hela. Shemeji alikuwa tayari anatafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Nikamwambia atume picha kwanza. Zikaja, juu kabisa simu yake ina chaji asilimia mbili, na nilipoziangalia nikavua miwani nikaifuta. Katika mchoro wake, jua la Nkwenda lilikuwa linachomoza saa sita mchana na kuzama saa sita usiku.

Shemeji hakuona ajabu yoyote. Alidhani ndivyo kompyuta zinavyohesabu. Kumbe fundi aliyefunga mtambo aliuacha na saa za China ulizokuja nazo kutoka kiwandani, na Beijing iko mbele yetu kwa saa tano. Huku kwetu, kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kilele chake hukaribia saa saba mchana. Kwenye apu, mchomozo unapaswa kusomeka 07:00 hivi, na kilele karibu na 13:00. Ukiona mchomozo uko kwenye 12:00 na kilele kwenye 18:00, ujue unasoma saa ya mtu mwingine. Ingia kwenye mipangilio ya mtambo, tafuta sehemu ya saa za eneo, weka `UTC+3`.

Si jambo dogo. Kwenye picha zile kulikuwa na mlima wa matumizi kati ya 17:00 na 19:00, na muuzaji akausoma kuwa ni jioni ya familia, ndiyo maana akashangilia betri kubwa. Ukirudisha saa tano nyuma, mlima ule ni wa saa sita hadi saa nane mchana, shemeji anapovuta maji kisimani kwa pampu. Hiyo kazi inafanywa na jua moja kwa moja, betri haihusiki nayo hata kidogo.

Saa ilipokaa sawa, tukaanza kazi. Siku ya Jumanne apu iliandika mambo matatu: `Production` 5.1, `Consumption` 10.3, `From Grid` 5.2. Muuzaji alitazama 10.3. Mimi nilitazama 5.2, kwa sababu hizo ndizo uniti ambazo jua halikuzigusa. Nikapitisha kidole kwenye mstari kuhakikisha zimetumika lini, maana wingu la mchana nalo hulazimisha nyumba ichukue umeme wa laini. Siku hiyo karibu zote zilikuwa za baada ya saa moja jioni mpaka kunakucha. Huo ndio usiku wa shemeji, na betri hununuliwa kwa ajili ya usiku.

Kabla ya kuuamini usiku wowote, nauliza swali moja: umeme wa laini ulikuwapo? Nyumba isiyo na betri, laini ikikatika saa mbili usiku, matumizi yanakuwa sifuri, na ruta nayo inazima kwa hiyo mstari unakatika au unaachwa wazi. Mtu akijumlisha usiku wa namna hiyo ataambiwa anatumia kidogo sana, na atanunua betri ya kuchaji simu. Jumanne ilikuwa nzima, hakuna pengo.

Ila kulikuwa na kitu kinanikera. Usiku kucha mstari haukushuka chini ya wati 250. Ulikuwa unacheza juu kidogo ya hapo, friji ikiwaka na kuzima, kwa wastani wa wati 330, lakini chini pamenyooka kabisa. Nyumba ya watu waliolala haifanyi hivyo. Nikampigia.

"Shemeji, nani anakesha kwako?"

"Hakuna anayekesha."

"Kuna kitu cha wati 250 kinawaka mpaka asubuhi."

Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mke wake kwa mbali: "Mwambie ni vifaranga."

Vifaranga! Taa nyekundu ya joto, wati 250, saa kumi na mbili za usiku, ni uniti 3 kamili. Friji inakula karibu uniti 1 kwa muda huohuo. Televisheni, taa na pasi ya jioni vinamaliza 1.2 iliyobaki. Yaani zaidi ya nusu ya umeme wa usiku wa nyumba ile unaliwa na viumbe ambao baada ya majuma machache watakuwa na manyoya na hawataitaka taa tena. Betri ununue ikae miaka, kwa sababu ya vifaranga? (Na wale wa mitego ya senene mnaotaka kunitumia picha za Novemba, taa zenu za kuita wadudu nazo naziondoa kwenye hesabu. Msihangaike.)

Basi hesabu ikawa mbili. Bila vifaranga, usiku ni uniti 2.2. Betri ya lithiamu haikamuliwi mpaka tone la mwisho, tunaacha sehemu ya tano ndani ili idumu, na njiani kutoka kwenye betri kwenda kwenye soketi inveta inakula karibu sehemu ya kumi. Kwa hiyo unagawa:

```
2.2 ÷ 0.8 ÷ 0.9 = 3.1
5.2 ÷ 0.8 ÷ 0.9 = 7.2
```

Mstari wa juu ni bila vifaranga, wa chini ni pamoja nao. Madukani betri iliyozoeleka ni ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo ni uniti 5.12. Humo ndani zinazofika kwenye soketi ni kama 3.7. Kwa familia inatosha na kubaki. Kwa familia na vifaranga itazima karibu na saa nane na nusu usiku, baridi ya Kyerwa ikiwa imekolea. Nikamshauri vifaranga wakae kwenye umeme wa laini, na jiko la mkaa liwe tayari, kama wafugaji wengi wanavyofanya.

Shemeji hakuridhika. "Sasa mbona jirani ana ya 15?" Nikamuuliza ataijaza na nini. Hapo naye akanibana kwa picha yake mwenyewe: paneli zinatoa 5.1 tu kwa siku na mchana anazimaliza zote, sasa hata hiyo ya 5 itajaa vipi?

Swali zuri, na ndilo linalowapoteza hata mafundi. Inveta yake haisukumi umeme kwenye laini na haina betri, kwa hiyo paneli hazitoi zinachoweza, zinatoa kinachoombwa. Dalili yake iko wazi kwenye mchoro: mchana mstari wa uzalishaji umelala juu ya mstari wa matumizi, kama mtu na kivuli chake, badala ya kupanda na kushuka kwa mviringo kufuata jua. Nikamwambia saa saba mchana, jua likiwa kali, awashe pampu, pasi na birika kwa pamoja. Uzalishaji ukaruka mpaka kilowati 2.6. Umeme ulikuwapo siku zote, hakuna aliyeuita.

Huku kwetu, kilowati moja ya paneli siku nzuri hutoa kama uniti 4, kwa hiyo zake zinaweza kukaribia 13. Toa 5.1 za mchana, zinabaki za kutosha kujaza betri ya 5 kabla ya saa tisa. Lakini masika ya Aprili na vuli ya Novemba, siku ikifunga tangu asubuhi, unaweza kupata theluthi tu, uniti 4 hivi, na mchana unazimaliza zote. Siku hiyo betri ya 5 haijai, na ya 15 haijai vilevile. Faida ya ile kubwa ni kubeba usiku wa pili na wa tatu kutoka siku za jua, na kama laini ya kwako hukatika siku mbili mfululizo, hiyo ni sababu ya kweli. Ya shemeji hukatika kwa saa chache. Achukue moja inayokubali kuunganishwa na mwenzake, mwaka ukipita ataongeza akiona haja.

Kitu kimoja tu nilimkataza: birika la wati 2000 na pasi ya wati 1000 kwa pamoja usiku. Baadhi ya betri za ukubwa ule zinaruhusu ampea 50 tu mfululizo, ambazo ni kama kilowati 2.5. Ukizidisha, kadi ya ulinzi ndani yake inakata na nyumba nzima inakuwa giza. Usitegemee apu kukuonya, kwa sababu nyingi hurekodi kila baada ya dakika tano, na pampu inapostuka kuwaka hufanya fujo yake ndani ya sekunde chache.

Akanunua ya 5. Ng'ombe akabaki. Jana nimepokea skrinshoti mpya, chaji ya simu asilimia mia moja, hakuna ujumbe wa kikoba juu yake. `Production` 7.8. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: "MWALIMU, BETRI INAZALISHA!"

Nilijaribu kumweleza kwamba ni paneli zilezile, sasa zimepata pa kupeleka umeme wao. Hakunijibu. Alikuwa ameshaisambaza. Leo asubuhi kanipigia mzee mmoja wa Kaisho, mwenye sauti ya upole kabisa, anauliza kama anaweza kununua betri mbili kwanza, paneli aziache.